Nani Anamtafuta Nani? Miisho ya *dieser*, *jener*, *jemand* na *irgendein*

Chukua sentensi mbili za Kijerumani. Ya kwanza ni *Dieser Arzt sucht jemanden.* Ya pili ni *Diesen Arzt sucht jemand.* Maneno ni yaleyale manne, yamepangwa vilevile, na kitenzi *sucht* hakijaguswa hata herufi moja. Lakini ya kwanza inasema daktari huyu anamtafuta mtu, na ya pili inasema kuna mtu anayemtafuta daktari huyu. Aliyekuwa mtafutaji amekuwa mtafutwaji. Kilichogeuza mambo ni herufi za mwisho tu: *dieser* imekuwa *diesen*, na *jemanden* imebaki *jemand*.

Anayesoma sentensi hizo kwa mazoea ya Kiswahili atateleza kwenye ile ya pili. Atamwona daktari ametangulia, amwone kitenzi anafuata, kisha aamue kwamba daktari ndiye mtenda. Si kosa la uvivu. Sisi tumezoea kuitafuta habari hiyo ndani ya kitenzi: *anamtafuta*, *anatafutwa*, *anatafutiwa*. Kitenzi chetu kinabeba mtenda, mtendwa na hata aliyetendewa, kwa hiyo maneno mengine yamepumzika. Kitenzi cha Kijerumani hakibebi mzigo huo wote, na sehemu kubwa yake imeangukia maneno madogo yanayotangulia nomino au kusimama badala yake. Haya ndiyo maneno ya makala hii: *dieser* (huyu), *jener* (yule), *jemand* (mtu fulani asiyetajwa) na *irgendein* (mmoja yeyote yule). Ya aina hii yako mengi, ila ukiyashika haya manne na miisho yake, yaliyobaki utayakuta njiani.

Wanaoyahitaji si wanafunzi wa vyuo vikuu peke yao. Muuguzi anayetaka kufanya kazi Ujerumani kwa kawaida huombwa cheti cha lugha cha ngazi ya B2, na Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya kurahisisha safari za wafanyakazi wenye ujuzi. Mtu wa namna hiyo hatasoma miisho hii kwa ajili ya mtihani halafu aisahau. Ataikuta kwenye ripoti ya zamu, pale ambapo kukosea aliyepewa dawa na aliyeitoa si jambo la sarufi tena.

Tuanze na *dieser*, maana ndiyo mama wa kundi zima. Kuna nusu ya jambo lake ambayo Mswahili anaijua tangu utotoni. Tunasema mtu huyu, kitabu hiki, mti huu, nyumba hii. Kionyeshi kinafuata ngeli ya nomino, na hakuna anayeuliza kwa nini. Kijerumani nacho kina kitu kama ngeli, tatu tu katika umoja: ya kiume, ya kike na ya kati. Kwa hiyo ni *dieser Mann* (mwanamume huyu), *diese Frau* (mwanamke huyu), *dieses Kind* (mtoto huyu), na kwa wingi wa ngeli zote tatu ni *diese*: *diese Männer*, *diese Frauen*, *diese Kinder*. Taabu ni kwamba nomino ya Kijerumani aghalabu haina alama ya ngeli usoni kama *ki-* yetu au *m-* yetu. *Tisch* (meza) ni ya kiume, *Lampe* (taa) ni ya kike, na *Mädchen* (msichana) ni ya kati kwa sababu maneno yote yenye kiambishi cha udogo *-chen* ni ya kati. Kwa hiyo ni *dieses Mädchen*, hata kama msichana mwenyewe amesimama mbele yako. Njia pekee ni kuikariri nomino pamoja na kitangulizi chake, *der*, *die* au *das*, tangu siku ya kwanza unapokutana nayo.

Nusu ya pili ndiyo ngeni. *Huyu* wetu habadiliki kwa kazi anayoifanya katika sentensi. Huyu anaumwa, nimemwona huyu, mpe huyu maji, mkoba wa huyu umepotea. Mara zote ni huyuhuyu. Kijerumani kitakudai umbo tofauti karibu kila mara. Akiwa mtenda ni *dieser Mann*. Akiwa mtendwa, yaani anayeonwa, anayeoshwa, anayetafutwa, ni *diesen Mann*. Akiwa mpewaji au mwenye kusaidiwa ni *diesem Mann*. Kitu kikiwa chake ni *dieses Mannes*. Walimu wa Kijerumani huziita hali hizi nne nominativi, akuzativi, dativi na genitivi. Sisi tunaweza kuziita tu mtenda, mtendwa, mtendewa na mwenye mali, tukikumbuka kwamba baadhi ya vitenzi na vihusishi vina matakwa yao: *helfen* (kusaidia) hutaka dativi, na *mit* (pamoja na, kwa kutumia) nacho hutaka dativi, hata kama akili yetu haioni mtendewa yeyote hapo.

Ukipiga hesabu, ngeli tatu pamoja na wingi, mara hali nne, unapata nafasi 16. Habari njema ni kwamba nafasi hizo zote zinajazwa na miisho mitano tu: *-e*, *-er*, *-es*, *-en* na *-em*. Habari ngumu ni hiyohiyo: mwisho mmoja unarudi kufanya kazi zaidi ya moja. Mkorofi mkubwa ni *-er*. Mwanafunzi akishajua kwamba *dieser* ni ya kiume, akikutana na *Ich helfe dieser Frau* (namsaidia mwanamke huyu) anafikiri mwandishi amekosea. Hajakosea. *Dieser* ni umbo la mtenda wa kiume, lakini ni umbo la ngeli ya kike pia katika dativi na katika genitivi, tena ni umbo la wingi katika genitivi. Kwa hiyo *-er* peke yake haikwambii kitu mpaka umeijua nomino inayofuata. Ukiona *dieser* mbele ya nomino ya kike, acha kumtafuta mtenda hapo. Mtenda yuko kwingine.

Mwisho wa *-em*, kwa upande wake, ni rafiki mwaminifu. Ni wa dativi, umoja, kiume au kati, na hauna kazi nyingine. *Diesem* ikikupita masikioni, umeshajua kwamba mhusika huyo anapewa, anasaidiwa, au ametanguliwa na kihusishi kama *mit*. Shida yake ni ya sikio. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo hatujazoea kusikiliza tofauti ya *m* na *n* mwishoni kabisa, na Wajerumani wenyewe wakizungumza haraka huimeza irabu iliyo kabla ya *n*, *diesen* ikatoka kama "dizn". Mtazame msemaji midomo: kwenye *diesem* inafumba, kwenye *diesen* inabaki wazi na ulimi ndio unaogusa juu nyuma ya meno. Unapotamka wewe, funga midomo kwelikweli. Vilevile *dieser* hutamkwa karibu na "diza" na *diese* karibu na "dize", kwa hiyo irabu hiyo moja ya mwisho ndiyo inayotenganisha kiume na kike. Ukiitamka *r* ya mwisho kwa nguvu kama tunavyotamka "daftari", utaeleweka, ila usitegemee kuisikia kwao.

Ingia sasa katika duka la mikate. Unaonyesha kwa kidole kupitia kioo, na unataka keki, mkate na torti. Kila kimoja ni kitu unachokitaka, yaani mtendwa: *Ich möchte diesen Kuchen, dieses Brot und diese Torte.* Angalia kwamba *-en* imejitokeza kwenye *Kuchen* peke yake, kwa sababu ndiyo nomino ya kiume. Kike, kati na wingi havibadiliki kati ya mtenda na mtendwa. Tofauti ya nominativi na akuzativi katika *dieser* ni ya ngeli ya kiume tu, na hilo litatuletea utata mkubwa baadaye kidogo.

Kabla ya kumwacha *dieser*, kuna kosa moja ambalo ni letu hasa. Mtu anaonyesha picha ya nyumbani na kusema: huyu ni kaka yangu, huyu ni dada yangu, hawa ni wazazi wangu, hiki ni kiti cha babu. Kwa upatanisho aliouzoea anatafsiri *Dieser ist mein Bruder*, *Diese ist meine Schwester*. Mjerumani hasemi hivyo anapomtambulisha mtu. Anasema *Das ist mein Bruder, das ist meine Schwester, das sind meine Eltern, das ist Opas Stuhl.* Neno la kutambulisha ni *das* moja tu (au *dies* kwa maandishi rasmi zaidi), haliangalii ngeli wala idadi, na kitenzi ndicho kinachofuata wingi: *ist* ikawa *sind*. Hapa Kijerumani ndicho kilicho chepesi na Kiswahili ndicho chenye masharti, na mazoea yetu ya kupatanisha yanatuponza.

Na yule je? Kamusi itakwambia *yule* ni *jener*, nayo *jener* ina miisho ileile ya *dieser* bila tofauti hata moja: *jener, jene, jenes, jenen, jenem*. Lakini usiende nayo sokoni. Katika mazungumzo ya kila siku *jener* karibu haitamkwi. Anayetaka kuonyesha kilicho mbali husema *der da*, *die da*, *das da drüben*, akikaza sauti kwenye neno la kwanza. *Der* hii ya kukazwa ni kionyeshi kamili, na miisho yake inafanana na ya kitangulizi cha kawaida isipokuwa inaporefuka kuwa *dessen*, *deren* na *denen*. Kiswahili kina viwango vitatu, huyu, huyo na yule, na *huyo* ana kazi mbili: aliye karibu na unayesema naye, na aliyekwisha kutajwa. Kijerumani hakina chumba cha tatu. Kazi za *huyo* zinagawanywa kati ya *der* na *dieser*. Tahadhari moja: kumwita mtu aliyepo *der* au *die* badala ya jina lake kunasikika kama utovu wa adabu, sawa na kumnyoshea mtu kidole na kusema "huyu naye". Kwa watu, na hasa wakubwa, tumia *Herr* au *Frau* na jina.

*Jener* bado inaishi katika maandishi, na huko inafanya kazi nzuri ambayo msomaji wa magazeti ya Kijerumani lazima aijue. Kwanza hutangulia kishazi cha kueleza: *jene, die keine Arbeit haben*, yaani wale wasio na kazi. Pili husimama sambamba na *dieser* kupanga watu wawili waliotajwa pamoja. *Der Arzt und der Pfleger kamen herein. Dieser trug einen Koffer, jener eine Lampe.* Daktari na muuguzi waliingia. Nani alibeba sanduku? *Dieser* ni wa karibu, na ukaribu unapimwa kwenye ukurasa: aliyetajwa mwisho. Kwa hiyo muuguzi ndiye aliyebeba sanduku na daktari akabeba taa. Hata *dieser* peke yake hufanya kazi hiyo. *Der Chef rief den Kollegen an, dieser war aber nicht zu Hause*: bosi alimpigia simu mwenzake, lakini huyo hakuwa nyumbani. Kama mwandishi angeweka *er*, msomaji angeweza kusita ni yupi ambaye hakuwepo. *Dieser* inamfunga kwa aliyetajwa mwisho.

Tuje kwa *irgendein*, maana hapa ndipo panapoonekana siri ya miisho yote ya Kijerumani. Neno hili ni *ein* (mmoja) lililotanguliwa na *irgend*, kiungo kinachosema sijui ni yupi au sijali ni yupi. *Ein* ina miisho ileile ya *dieser*, ila inaiacha wazi mahali patatu: mtenda wa kiume, mtenda wa kati, na mtendwa wa kati. Hapo inasimama kavu: *irgendein Arzt*, *irgendein Kind*. Kwingine kote mwisho unarudi: *irgendeine Frau*, *irgendeinen Arzt*, *irgendeinem Kind*, *irgendeiner Frau*. Wingi haina, kwa sababu mmoja hawezi kuwa wengi; wingi unaazima neno jingine, *irgendwelche*.

Ni nini kinatokea pale patatu palipo wazi? Tuchukue nomino moja, *Medikament* (dawa), ambayo ni ya kati, tuipitishe hatua kwa hatua. *Dieses Medikament*: mwisho *-es* umeshatangaza ngeli. Ongeza kivumishi *neu* (mpya): *dieses neue Medikament*. Kivumishi kimepata *-e* dhaifu tu, kwa kuwa kazi ya kutangaza imekwisha fanywa na neno la mbele. Sasa weka *irgendein*. Neno la mbele halikutangaza kitu, kwa hiyo kivumishi kinaibeba *-s*: *irgendein neues Medikament*. Ondoa kivumishi na nomino, uliache neno peke yake kama kiwakilishi, mtu akiuliza ni dawa ipi naye akajibiwa yoyote ile: *irgendeins*. Sasa hakuna mwingine wa kuibeba *-s*, na *ein* yenyewe inalazimika kuivaa. Kwa kiume ni vivyo hivyo: *dieser alte Arzt*, lakini *irgendein alter Arzt*, na akisimama peke yake, *irgendeiner*. Tia kihusishi *mit* mbele na dativi inarudisha mwisho kwenye *ein*: *mit irgendeinem neuen Medikament*. Kivumishi kinarudi kuwa dhaifu, safari hii kwa *-en*.

Mwanafunzi aliyeiona safari hiyo ya *-s* na *-r* kutoka neno moja hadi jingine hahitaji tena majedwali matatu ya vivumishi yanayochapishwa katika vitabu. Anajiuliza swali moja: je, neno lililotangulia limeshaonyesha mwisho wake? Kama limeonyesha, kivumishi kinapata *-e* au *-en*. Kama halijaonyesha, kivumishi kinaubeba. Kipimo hicho kinamwezesha kujisahihisha: *dieser alter Arzt* imetangaza mara mbili, na *irgendein alte Arzt* haikutangaza kabisa. Zote mbili ni makosa, na kosa linaonekana bila kufungua kitabu.

Wajerumani nao huteleza. Kwa "mwanzoni mwa mwaka huu" sarufi inataka *Anfang dieses Jahres*, lakini utakuta wenyeji wengi wanaandika *Anfang diesen Jahres*. Wanaifuatisha *nächsten Jahres* (mwaka ujao), ambayo ni sahihi, lakini *nächst-* ni kivumishi na *dieser* si kivumishi. Katika mtihani andika *dieses*.

*Jemand* ni hadithi nyingine. Neno hili limetokana na *je* na *man*, na *man* ya kale ilikuwa mtu. Herufi *d* ya mwisho iliota baadaye. Linamtaja mtu bila kusema nani, kama sisi tunavyosema tu "mtu": mtu amekuja kukuulizia, *jemand hat nach dir gefragt*. Halina ngeli za kubadilisha wala wingi. Lina hali tu: *jemand* kwa mtenda, *jemanden* kwa mtendwa, *jemandem* kwa mtendewa, na *jemandes* kwa mwenye mali, ambayo katika mazungumzo huachwa na kusemwa *von jemandem*. Ndugu yake wa kukanusha, *niemand*, anafuata vivyo hivyo. Ukiyasikia, *d* ya mwisho hutamkwa *t*, "yemant", lakini ikifuatwa na mwisho inarudi kuwa *d*: "yemanden", "yemandem".

Jambo linalowachanganya wanafunzi ni kwamba sarufi inaruhusu kuiacha *-en* na *-em*. *Ich habe jemand gesehen* ni sahihi sawa na *Ich habe jemanden gesehen*. Mwanafunzi akisikia hivyo hushukuru na kuitupa miisho yote. Asifanye hivyo, na sababu ni huu utata niliouahidi. Soma *Diese Frau kennt niemand.* *Diese Frau* ni ya kike, kwa hiyo haionyeshi kama ni mtenda au mtendwa. *Niemand* isiyo na mwisho inaweza kuwa mtenda, na kwa ruhusa ile inaweza kuwa mtendwa. Sentensi ina maana mbili kamili: hakuna anayemjua mwanamke huyu, au mwanamke huyu hamjui mtu yeyote. Hakuna kitu katika sentensi chenye uwezo wa kuamua. Ukiandika *niemanden*, maana ya kwanza inafutika papo hapo. Anayemaanisha mtendwa aandike mwisho. Ataeleweka hata pale ambapo sarufi ingemsamehe.

Mahali ambapo *jemand* hubaki kavu bila hatari ni inapofuatwa na kivumishi. *Jemand Neues* ni mtu mpya, na kivumishi kinaandikwa kwa herufi kubwa. Ikiingia dativi tunasema *mit jemand Neuem*: ile *m* imehamia kwenye kivumishi, kama ilivyohama *-s* ya *irgendein*. Na kishazi kinachomweleza *jemand* hutumia *der*, umbo la kiume, hata kama huyo mtu ni mwanamke: *jemand, der Suaheli spricht*, mtu anayesema Kiswahili. *Irgend* nayo hupandishwa juu ya *jemand* kuongeza kutojulikana. Kabla ya mageuzi ya tahajia ya 1996 iliandikwa mbalimbali, *irgend jemand*. Tangu hapo ni neno moja, *irgendjemand*. Ukiikuta mbalimbali katika kitabu cha zamani, chapa haina kosa.

Sasa iweke mikononi ripoti ya zamu katika nyumba ya wazee. *Gestern hat jemand diesem Mann irgendein Medikament gegeben.* Usianze kutafsiri kutoka kushoto. Tafuta kwanza *-em*: *diesem Mann*, basi mzee huyu amepewa. *Jemand* ni kavu na kitenzi *geben* kinahitaji mtoaji, basi mtoaji ni mtu asiyetajwa. *Irgendein Medikament* ni kilichotolewa, na *irgend* inakwambia aliyeandika hajui ni dawa gani. Jana kuna mtu alimpa mzee huyu dawa isiyojulikana: hapo unapiga simu kwa daktari. Sasa badilisha miisho miwili, na wahusika wabadilishane nafasi: *Gestern hat dieser Mann jemandem irgendein Medikament gegeben.* Mzee mwenyewe ndiye aliyempa mwingine dawa, na wa kutafutwa haraka si yeye, ni yule aliyeipokea. Mpangilio wa maneno ukibadilishwa bila kugusa miisho, maana haibadiliki: *Diesem Mann hat gestern jemand irgendein Medikament gegeben* inarudi kwenye habari ya kwanza, ila mkazo umehamia kwa mzee.

Limebaki neno letu *yeyote*, ambalo linatupeleka pabaya tukilifanya liwe *irgendein* kila mahali. *Yeyote* yetu inafanya kazi tatu, na Kijerumani kinazigawa. Ukisema "niitie daktari yeyote", unamtaka mmoja, awaye yote: *irgendein*, na kwa kuwa anaitwa, ni *irgendeinen Arzt*. Ukisema "mtu yeyote anaweza kujifunza hili", unawachukua wote mmoja mmoja: *jeder kann das lernen*, na *jeder* ina miisho ya *dieser*. Ukisema "sikumwona mtu yeyote", umekanusha, na Kijerumani kinataka kikanushi ndani ya kiwakilishi chenyewe: *Ich habe niemanden gesehen*. Kwa nomino ni *kein*: *Ich habe keinen Arzt gesehen*, sikuona daktari yeyote. *Kein* nayo ina pale patatu pa wazi kama *ein*, ila yenyewe ina wingi, *keine*.

Ukiweka *nicht* mbele ya *irgendein*, unapata kitu kingine kabisa, nacho kinasikika kila siku. *Das ist nicht irgendein Arzt* haina maana kwamba hakuna daktari. Inasema huyu si daktari wa hivi hivi. Huyu ni daktari hasa.